Haidromita inasoma 9, hesabu inasema 30

"Mwalimu, shikamoo. Niliroweka maganda mabichi ya machungwa kwa wiki mbili kwenye pombe kali ya asilimia 60. Nikachuja, nikachukua nusu lita, nikatia gramu 60 za sukari, nikajaza maji hadi lita moja. Kwa hesabu yangu hiyo ni asilimia 30, lakini haidromita ya alkoholi inasoma 9. Nikaambiwa nikeneke kwanza, yaani nikichemshe na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena, ndipo nipime. Nimekeneka mara mbili, kwenye maabara ninayoruhusiwa kutumia, nikichukua mililita 200 kila mara. Mara ya kwanza nilisimama nilipofika kama mililita 100, maana kipimajoto kilikuwa kimeshapita 78, nikajaza maji hadi 200 na kupata 27.8. Mara ya pili nilikusanya karibu 190, nikajaza, nikapata 29.1. Namba ipi niiamini? Na huko kujaza maji upya, si ndiko kunakoharibu kipimo?"

Marahaba. Haidromita yako ni nzima, usiitupe. Imekujibu swali ambalo hukuliuliza. Chombo kile hakijui alkoholi ni nini. Kinachojua ni densiti tu, yaani uzito wa kimiminika kwa ujazo wake. Kikizama sana, kimiminika ni chepesi. Kikielea juu, ni kizito. Zile namba zilizochorwa shingoni mwake ziliwekwa kwa imani kwamba ndani ya mtungi kuna vitu viwili tu, maji na ethanoli. Vikiwa viwili hivyo peke yake, kila densiti ina asilimia yake moja, na chombo husema kweli. Wewe umemtia mgeni wa tatu.

Tuangalie mgeni huyo anafanya nini. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lita moja ya maji safi ina gramu 998.2. Lita ya ethanoli tupu ina gramu 789.2. Lita ya mchanganyiko wa asilimia 30 ina gramu 962.2, na hapo karibu na 30 kila asilimia moja ya alkoholi inayoongezeka hupunguza kama gramu 1.2. Sasa sukari: gramu moja ikiyeyuka kwenye lita haiongezi gramu nzima, kwa sababu inachukua nafasi na kusukuma kimiminika nje ya ujazo huo. Inaongeza takriban gramu 0.39. Gramu zako 60 zimeongeza kama 23. Kinywaji ambacho kingekuwa karibu na 963 kimepanda hadi 986, na 986 ndiyo densiti ya maji yenye alkoholi ya asilimia 9 hivi. Haidromita imesoma sawasawa kabisa densiti ya kinywaji chako, ila jina ililoipa densiti hiyo si lake.

Kwa hesabu ya haraka, kwenye kinywaji cha nguvu kama hicho kila gramu ya sukari kwa lita huficha karibu theluthi ya asilimia. Pombe kali safi isiyotiwa kitu haina shida hii, unaweza kutumbukiza haidromita moja kwa moja na kuchukua jibu. Iliyopata rangi kutoka kwenye pipa au kwa karameli huficha kidogo. Yenye sukari nyingi kuliko yako inaweza kuwa nzito kuliko maji, na haidromita ikaelea juu kiasi kwamba hata alama ya sifuri haigusi kimiminika.

Unaweza kujiuliza kwa nini usitoe tu zile gramu 23 kwa hesabu, kwa kuwa sukari uliipima mwenyewe. Kwa makadirio, inafaa. Lakini maganda nayo yametoa sukari zake, asidi na vitu vingine ambavyo hukuvipima, na kosa la gramu tatu za vitu hivyo ni asilimia nzima ya alkoholi. Ndiyo maana tunakeneka: kila kisichogeuka mvuke kinabaki chini kwenye flaski ya kuchemshia, na kinachovuka ni ethanoli na maji, vile viwili ambavyo jedwali linavijua.

Hapo tunafika kwenye wasiwasi wako wa maji, ambao wengi wanao na wachache wanausema. Asilimia ya alkoholi kwa ujazo maana yake ni mililita za ethanoli zilizomo ndani ya mililita 100 za kinywaji. Kama kinywaji chako kina 29.5, basi mililita 200 ulizochukua zina mililita 59 za ethanoli. Kazi ya kukeneka ni kuzihamisha hizo 59 zote, bila kuacha hata nusu mililita, kwenda kwenye flaski nyingine. Ukishazihamisha na kujaza maji hadi ujazo uleule wa 200, umerudisha uwiano uleule wa mwanzo. Tofauti ni moja tu, kwamba mahali palipokuwa na sukari sasa pana maji. Hujaipunguza nguvu. Usipojaza hadi 200, ndipo utakapokuwa unapima kitu kingine ambacho si kinywaji chako.

Kuna mtu atakayekuambia kwamba maji na alkoholi vikichanganywa hunywea, hivyo kujaza kunapotosha. Ni kweli hunywea: nusu lita ya hiki na nusu lita ya kile hazifiki lita. Lakini wewe huongezi kiasi cha maji kilichopimwa, unaongeza mpaka ufike mstari. Mnyweo ukishatokea, maji kidogo ya ziada yanauziba. Sharti ni moja: utikise vizuri kabla ya kujaza tone la mwisho. Ukijaza hadi mstari kisha ndiyo utikise, utaona kimiminika kimeshuka chini ya mstari, na hapo ukiacha hivyo utasoma juu kidogo ya ukweli.

Sasa hiyo 78. Nyuzi 78 ni mchemko wa ethanoli karibu tupu, na kwenye flaski yako haipo ethanoli tupu hata dakika moja. Mchanganyiko wa nguvu ya chako, ukiongezwa maji ya kusuuzia, huanza kuchemka kwenye nyuzi 87 au 88. Kipimajoto kilikuwa kimeshapita 78 kabla hata tone la kwanza halijaanguka. Kuanzia hapo hupanda polepole kuelekea 100 kadiri alkoholi inavyopungua chini. Hakuna mahali ambapo kipimajoto husimama na kusema "alkoholi imekwisha, sasa ni zamu ya maji." Vinavuka pamoja tangu mwanzo, alkoholi ikiwa nyingi kuliko sehemu yake mwanzoni, kisha ikipungua, kisha ikibaki mabaki yanayosuasua.

Mabaki hayo ndiyo yaliyokula asilimia zako za mara ya kwanza. Ulipofika mililita 100, sehemu kubwa ya ethanoli ilikuwa imekwishavuka, ndiyo maana hukupata namba ya ajabu. Lakini chini zilikuwa zimebaki mililita tatu au zaidi. Kwenye sampuli ya mililita 200, kila mililita moja ya ethanoli ni nusu asilimia. Zidisha mwenyewe: mililita 3.4 zikibaki, 29.5 inakuwa 27.8.

Kwa hiyo kati ya namba zako mbili, ya kwanza iweke kando. Ya pili iko karibu, na nadhani bado iko chini kidogo ya ukweli. Nitakueleza jinsi ninavyofanya mimi, nawe utaona mahali ambapo mililita ya nusu hivi inaweza kukutoroka.

Chukua flaski ya ujazo ya mililita 200, ile yenye shingo nyembamba na mstari mmoja. Weka kinywaji kwenye beseni la maji ya nyuzi 20 mpaka kifikie joto hilo, kisha jaza flaski hadi mstari. Mimina kwenye flaski ya kuchemshia ya lita moja. Suuza ile flaski ya ujazo kwa maji yaliyokenekwa mara tatu, mililita 20 kila mara, na kila suuzo limwage kwenye flaski ya kuchemshia. Usiyatupe maji hayo, yana alkoholi yako. Tia vijiwe vya kuchemshia ili mchemko usirukeruke. Maji ya kusuuzia yana faida ya pili: yanahakikisha kwamba mwisho wa kazi sukari bado imo kwenye maji ya kutosha na haiungui chini. Kwa kinywaji chenye sukari nyingi kuliko chako, ongeza maji zaidi. Ukisikia harufu ya karameli iliyoungua, rudia kazi.

Kisha fanya jambo ambalo naliona ni la akili kuliko yote katika njia hii: flaski ileile ya ujazo uliyopimia sampuli ndiyo iwe ya kupokelea. Kiwanda kikiwa kimekosea mstari kwa sehemu ya mililita, kosa hilo lilikuwepo ulipopima na litakuwepo utakapojaza, basi linajifuta lenyewe. Ukitumia flaski mbili tofauti, kosa la kila moja linakaa kwenye jibu lako.

Ndani ya flaski hiyo ya kupokelea weka mililita 10 za maji, ikalishe kwenye beseni la barafu, na ncha ya kondensa, lile bomba la kupoozea mvuke, izame ndani ya yale maji. Matone ya kwanza ndiyo yenye alkoholi nyingi kuliko yote, na yakianguka yakiwa na uvuguvugu kwenye flaski kavu iliyo wazi, mvuke wake unapaa kwenda zake. Hukuniambia kama ulitumia barafu. Kama hukutumia, hapo pana nusu mililita kwa urahisi.

Washa moto taratibu. Tumia hita ya umeme, kamwe usitumie moto wa wazi, kwa sababu mvuke wa ethanoli unashika moto na hutambaa juu ya meza. Mfumo usiuzibe popote; mvuke lazima uwe na njia hadi mwisho. Angalia maungio ya kioo: ukisikia harufu ya pombe karibu nayo, alkoholi inatoka. Kondensa ikiwa ya moto upande wa chini, maji ya kupoozea hayatoshi. Mimi huiacha kazi hii ichukue karibu saa nzima. Anayetaka kuimaliza kwa dakika ishirini hupata povu lililovuka hadi kondensa likibeba sukari, na tone moja la sukari kwenye mkeneko, yaani kile kilichokusanyika, linarudisha ugonjwa uleule uliokuwa unaukimbia.

Kusanya mpaka flaski iwe na kama 190 kwa jumla. Utajuaje kwamba alkoholi yote imevuka? Usiulize kipimajoto. Toa flaski, weka chombo kingine kidogo, kusanya mililita 15 zaidi na uzipime densiti peke yake. Zikiwa 998.2 kwa lita, hayo ni maji na kazi ilikuwa imekwisha. Zikiwa chini yake, bado kulikuwa na kitu. Huhitaji kufanya hivi kila mara. Fanya mara moja kwa kila aina ya kinywaji na kila kifaa kipya, utajua kiwango chako.

Ile flaski ya 190 izibe, itikise, iongeze maji hadi chini kidogo ya mstari, itikise tena. Iache kwenye beseni la nyuzi 20 kwa nusu saa, ndipo umalizie tone kwa tone.

Nasisitiza nyuzi 20 kwa sababu joto hukosesha kwa pande mbili zilizo kinyume. Ukichukua sampuli ikiwa na nyuzi 30 kisha ukajaza mkeneko kwenye nyuzi 20, ile sampuli ilikuwa imetanuka, kwa hiyo flaski ilibeba alkoholi pungufu. Kwa kinywaji chako unapoteza kama 0.16. Lakini ukipima densiti ya mkeneko ukiwa na joto la ziada, kimiminika ni chepesi kuliko kinavyopaswa, na jibu linapanda karibu 0.4 kwa kila nyuzi moja. Mtu anaweza kufanya makosa yote mawili na kupata namba nzuri kwa bahati, kisha wiki ijayo hali ya hewa ikabadilika na asielewe kilichotokea.

Baada ya hapo ni kupima densiti. Haidromita nzuri ndani ya mkeneko itakupa jibu la kutosha kwa matumizi ya ndani, maana sasa ina vitu viwili tu mbele yake. Maabara nyingi hutumia kipimadensiti cha umeme, chenye kibomba cha kioo kilichopinda kama herufi U kinachotikiswa na kusomwa kasi ya mtikisiko wake. Kizito hutikisika polepole. Kifaa hicho ni kizuri na cha haraka, ila kiputo kimoja cha hewa ndani ya kibomba hukifanya kiseme uongo kwa sauti ya kujiamini, desimali zote zikiwepo. Ninayoipenda kufundishia ni pikinomita, kichupa cha kioo chenye ujazo usiobadilika, kwa sababu kila hatua unaiona kwa macho.

Huu hapa mfano kwa kinywaji kama chako. Pikinomita tupu na kavu ina gramu 31.2460. Ikijazwa maji yaliyokenekwa ya nyuzi 20 ina gramu 81.0940, hivyo maji peke yake ni 49.8480. Ikijazwa mkeneko wa nyuzi 20 ina gramu 79.3240, hivyo mkeneko peke yake ni 48.0780. Densiti inapatikana hivi:

```
48.0780 / 49.8480 = 0.96449
0.96449 x (0.9982 - 0.0012) + 0.0012 = 0.9628
```

Hiyo 0.9982 ni densiti ya maji. Hiyo 0.0012 ni ya hewa, kwa sababu hewa nayo hukiinua kidogo kila kitu unachokipima kwenye mizani. Ukiisahau, jibu la mwisho litapanda kama 0.04 tu, basi usikose usingizi kwa ajili yake. Iweke kwa sababu haigharimu kitu. Jibu, 0.9628 kwa mililita, ni gramu 962.8 kwa lita. Fungua jedwali la kimataifa la alkoholi la shirika la vipimo vya kisheria, OIML, lile la nyuzi 20. Asilimia 30 inakaa kwenye 962.2. Sisi tuko juu yake kwa 0.6, na kila asilimia ni 1.2, basi tuko nusu asilimia chini: 29.5.

Angalia mizani inavyodai. Kukosea gramu 0.01 kwenye kichupa cha mililita 50 kunahamisha jibu kwa 0.17. Mizani ya desimali mbili haifai hapa. Tafuta inayosoma angalau miligramu. Alama ya kidole juu ya kioo, tone lililobaki shingoni, unyevu kwenye kichupa kilichotolewa sasa hivi kwenye maji baridi, vyote vina uzito. Kifute, kiache dakika chache karibu na mizani, ndipo ukipime.

Sasa nikuudhi kidogo kuhusu ile 30 yako. Umeichukulia kama ukweli na kukitafutia kosa kila kinachotofautiana nayo, lakini 30 ni hesabu ya kile ulichomimina, nayo haijui yaliyotokea kwenye mtungi wa kurowekea. Maganda mabichi yana maji mengi. Kwa wiki mbili maji yao yametoka kuingia kwenye pombe, na pombe imeingia kwenye maganda. Ulipochuja, ulitupa maganda yakiwa yamebeba alkoholi na ukabaki na maji yao. Ile nusu lita haikuwa tena ya asilimia 60. Ilitosha ishuke hadi 59 ili kinywaji kiwe 29.5. Kama unataka kuhakikisha, mara nyingine keneka pia sampuli ya pombe iliyochujwa kabla hujaitia sukari. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia hesabu.

Maganda ya machungwa yana jambo jingine, mafuta yake ya harufu. Haya hayabaki chini na sukari, yanapanda na mvuke. Ukiona mkeneko umekuwa na ukungu mweupe unapoongeza maji, au kuna utando unaong'aa juu, ndiyo hayo. Ni mepesi kuliko mchanganyiko wako, kwa hiyo yakiyeyuka ndani yake hujifanya alkoholi, kama 0.1 kwa kila gramu ya mafuta kwenye lita. Yakikaa kama utando, hushikamana na kioo cha pikinomita na vipimo vyako vitatofautiana bila sababu ya kuonekana. Kinywaji chenye harufu ya kawaida hakina ya kutosha kukusumbua. Kikiwa na mafuta mengi, maabara huyatoa kabla ya kukeneka kwa kutia chumvi nyingi na kutikisa na etha ya petroli, ambayo huyabeba mafuta na kuiacha alkoholi kwenye maji ya chumvi. Etha hiyo inashika moto kwa urahisi wa kutisha. Kazi hiyo mpelekee mtu mwenye chumba chenye feni ya kuvuta mvuke na uzoefu wa kuifanya.

Kabla hujarudia kinywaji chako, kipe kifaa chenyewe mtihani. Tengeneza mchanganyiko wa maji na ethanoli wa asilimia 10, bila sukari. Ukeneke, ujaze hadi ujazo wa mwanzo, kisha huohuo ukeneke tena, mpaka mara tano. Kwa kipimo kinachotumika kwenye maabara za mvinyo, baada ya mara ya tano unapaswa bado kuwa na angalau 9.9. Ukiwa na 9.6, kifaa kinavuja, na hakuna hesabu itakayokiponya. Angalia maungio, barafu, na maji ya kondensa. Nimewahi kukaa siku mbili nikilaumu mizani kwenye maabara fulani, kumbe ungio moja la kioo lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mtihani huu ungenionyesha kabla ya chakula cha mchana.

Ukishaufaulu, fanya kinywaji chako mara tatu. Namba zako zikitofautiana kwa 0.2 au chini yake, chukua wastani na uuamini. Zikitawanyika kama 27.8 na 29.1, usichukue wastani. Kumbuka kwamba karibu makosa yote ya kukeneka hupoteza alkoholi na hayaongezi, kwa hiyo katika namba zinazogombana ya juu mara nyingi ndiyo iliyo karibu na kweli, isipokuwa kama uliipima ikiwa na joto au mkeneko una mafuta.

Kuna kitu kimoja ambacho njia hii haitakuambia kamwe, na watu wameumia kwa kudhani inasema. Methanoli, ile alkoholi yenye sumu inayopofusha na kuua, ina densiti ya gramu 791 kwa lita, karibu sawa kabisa na ethanoli. Nayo huvuka pamoja na ethanoli kwenye kukeneka. Kwenye pikinomita, kwenye haidromita, kwenye kibomba cha U, inaonekana kuwa ethanoli. Namba nzuri ya 29.5 haisemi lolote kuhusu usalama wa pombe uliyoanzia. Kama hujui kwa hakika pombe ile ya asilimia 60 ilitoka wapi, usiionje wala kumpa mtu, na upeleke sampuli kwenye maabara yenye kromatografia ya gesi, inayotenganisha alkoholi moja na nyingine. Mtu akiwa ameshakunywa na anaona ukungu machoni, anatapika au anapumua kwa shida, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Maabara iliyoidhinishwa utaihitaji pia kama namba hii itaandikwa kwenye lebo au kutumika kukokotoa ushuru, kwa sababu hapo cheti ndicho kinachokubalika, si daftari lako, hata likiwa sahihi. Ukienda, wapelekee chupa iliyojaa hadi juu na kufungwa kabisa, uwaambie ina sukari kiasi gani na mafuta ya machungwa, na waombe wakuandikie densiti ya mkeneko pamoja na asilimia. Ukiwa na densiti yao mkononi, utaweza kuilinganisha na yako na kujua kama mnatofautiana kwenye kukeneka au kwenye kupima.